Kwa nini PDF inarudi kufunguka kwenye kivinjari? Maswali na majibu kuhusu faili zinazofunguka kwenye programu isiyo yake

Malalamiko ni yaleyale: faili za PDF zilikuwa zinafunguka kwenye programu ya kusomea PDF, leo zinafunguka kwenye Edge. Unarekebisha, zinakaa sawa kwa muda, kisha zinarudi kulekule. Maswali yaliyo hapa chini yanafuata tatizo hilo hatua kwa hatua kwenye Windows 10 na Windows 11. Nimechagua PDF kwa sababu ndiyo inayosumbua wengi, lakini karibu kila hatua inafaa pia kwa picha, video na hati za Word. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye kompyuta iliyowekwa Kiingereza.

Windows inajuaje programu ya kufungulia faili?

Ukibofya faili mara mbili, Windows haichunguzi yaliyomo ndani yake. Inatazama herufi zilizo baada ya nukta ya mwisho katika jina: `.pdf`, `.docx`, `.jpg`. Herufi hizo huitwa kiendelezi. Kisha inatafuta kwenye orodha yake ni programu gani umeichagua kwa kiendelezi hicho, na inaikabidhi faili. Programu hiyo ndiyo programu chaguo-msingi ya aina hiyo ya faili.

Mambo mawili yanafuata hapo, na ukiyashika utaelewa nusu ya matatizo yote. La kwanza, kila kiendelezi kina chaguo lake. Ukichagua programu ya kuonyesha `.jpg`, hujagusa `.jpeg` wala `.png`, ingawa kwako zote ni picha. La pili, chaguo ni la mtumiaji, si la kompyuta nzima. Kama watu wawili wana akaunti mbili kwenye mashine moja, mmoja akibadilisha, mwenzake haoni tofauti yoyote.

Faili yenyewe haiguswi na mabadiliko haya. PDF iliyofunguka kwenye Edge haijageuka kuwa faili ya Edge, na bado unaweza kuifungua kutoka ndani ya programu nyingine yoyote ya PDF.

Nianzie wapi kabla ya kubadilisha mipangilio?

Anza kwa kuuliza faili ilifunguliwa kutoka wapi. Wengi huliruka hili, kisha wanahangaika na mipangilio ambayo haikuwa na kosa lolote.

Nenda kwenye folda ilipo faili, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties. Kwenye ukurasa wa General soma mistari miwili. Type of file inakuonyesha kiendelezi cha kweli, na Opens with inakuonyesha programu ambayo Windows imeiandika kwa kiendelezi hicho sasa hivi. Sasa ifunge, bofya faili mara mbili, na ulinganishe.

Kama Opens with inataja programu unayoitaka, na kubofya mara mbili kunaifungua programu hiyohiyo, basi chaguo lako liko salama. Tatizo liko mahali unapofungulia, mara nyingi ndani ya kivinjari. Kama Opens with inataja programu usiyoitaka, chaguo ama halikuwahi kuhifadhiwa au limebadilishwa. Na kama Type of file haisemi `.pdf` hata kidogo, tatizo ni jina la faili. Majibu yanayofuata yanachukua njia hizo tatu.

Nikibofya mara mbili iko sawa, lakini PDF ninazopakua mtandaoni zinafunguka ndani ya kivinjari. Kwa nini?

Kwa sababu kivinjari hakikuiuliza Windows. Edge, Chrome na Firefox vina kisomaji chake cha PDF ndani. Ukibofya kiungo cha PDF kwenye ukurasa, kivinjari kinaifungua chenyewe, na orodha ya Windows haihusiki. Unaweza kubadilisha programu chaguo-msingi mara nyingi upendavyo, hali itabaki vilevile.

Mpangilio wa kubadilisha uko ndani ya kivinjari. Kwenye Edge, andika anwani hii kwenye sehemu ya anwani:

```
edge://settings/content/pdfDocuments
```

kisha washa Always download PDF files. Kwenye Chrome anwani ni hii:

```
chrome://settings/content/pdfDocuments
```

na hapo chagua Download PDFs. Kuanzia hapo kivinjari kitahifadhi faili kwenye folda ya Downloads, nawe utaibofya ukiwa huko, mahali ambapo chaguo lako la Windows linafanya kazi.

Hali kama hii hutokea pia kwenye programu za barua pepe. Nyingi zinaonyesha kiambatisho ndani ya dirisha lake bila kukifungua kwa programu nyingine. Hifadhi kiambatisho kwenye folda kwanza, halafu ndipo ukihukumu.

Nimetumia "Open with" na kuchagua programu yangu, lakini kesho yake imerudi Edge. Nani kabadilisha?

Pengine hakuna aliyebadilisha. Ukibofya kwa kitufe cha kulia, ukapeleka kipanya kwenye Open with na kuchagua programu kutoka orodha fupi inayojitokeza, umeifungua faili hiyo kwa mara hiyo moja tu. Windows haikuandika chochote.

Ili iandike, kwenye orodha hiyohiyo chagua Choose another app. Kwenye Windows 10 dirisha linalofunguka lina kisanduku kidogo chini, Always use this app to open .pdf files. Kitie alama kabla ya kubofya OK. Kwenye Windows 11 kuna vitufe viwili, Always na Just once. Ukibofya Just once, kesho utarudi mwanzo.

Mimi hupendekeza njia nyingine kwa anayeanza, kwa sababu inaonyesha waziwazi kilichohifadhiwa. Fungua Settings, nenda Apps, kisha Default apps. Kwenye Windows 11, juu kuna sehemu ya kuandika aina ya faili. Andika `.pdf` pamoja na nukta yake. Itaonekana programu iliyopo sasa. Ibofye, chagua unayoitaka, kisha Set default. Kwenye Windows 10 teremka hadi Choose default apps by file type na uitafute `.pdf` kwenye orodha ndefu iliyopangwa kwa alfabeti.

Ukiwa kwenye ukurasa huo utaona pia kitufe cha Reset. Usikibofye ukidhani kitatengeneza mambo. Kinarudisha chaguo zote katika hali iliyopendekezwa na Microsoft, yaani PDF zitarudi Edge, na chaguo zako nyingine zote za picha, muziki na kivinjari zitafutika pamoja nazo.

Nimehifadhi vizuri, nimehakikisha, na bado inabadilika yenyewe. Sasa?

Hapa ndipo penye jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Programu inayofaidika na mabadiliko si lazima iwe ndiyo iliyoyasababisha. PDF zikirudi Edge, kila mtu anailaumu Edge, anahangaika na mipangilio ya Edge, na tatizo linaendelea.

Tangu Windows 8, chaguo lako huhifadhiwa pamoja na alama ya uthibitisho ambayo Windows huitengeneza wewe mwenyewe unapochagua kwa mkono. Lengo ni kuzuia programu zisijiweke zenyewe kuwa chaguo-msingi bila idhini yako. Programu ya zamani, isiyojua utaratibu huu, hujaribu kuandika jina lake moja kwa moja kwenye rejista, yaani mahali Windows inapohifadhi mipangilio yake. Windows inapokuta maandishi yasiyolingana na alama ya uthibitisho, inayatupa na kuweka chaguo lake yenyewe. Kwa PDF, chaguo hilo ni Edge. Kwa hiyo kuna programu iliyojaribu kukunyang'anya nafasi, ikashindwa, na nafasi ikaenda kwa mwingine kabisa.

Dalili yake ni ujumbe unaojitokeza pembeni ya skrini wenye kichwa An app default was reset. Ujumbe huo unasema kuna programu iliyosababisha tatizo kwenye mpangilio wa faili za `.pdf`, hivyo umerudishwa kwa Microsoft Edge. Hautaji jina la mkosaji. Ukiuona, angalia saa na ukumbuke ulikuwa umefungua nini dakika ile.

Muda ndio ushahidi mkubwa. Ikiwa chaguo hubadilika kila unapowasha kompyuta na kuingia kwenye akaunti, tafuta programu zinazojiwasha zenyewe. Ikiwa hubadilika baada ya kufungua programu fulani, ni hiyo. Ikiwa lilibadilika mara moja baada ya Windows kujisasisha kwa kiwango kikubwa na halijarudia tena, ni sasisho. Lirekebishe kwa mkono na usonge mbele.

Naomba mfano wa kumtafuta mkosaji kuanzia mwanzo.

Tuseme una faili inayoitwa `fomu-ya-maombi.pdf` unayotaka kuijaza na kuitia sahihi kwenye Acrobat Reader. Jana ulichagua Reader. Leo asubuhi imefunguka Edge.

Unafungua Properties. Kiendelezi ni `.pdf`, na Opens with inasema Microsoft Edge. Kwa hiyo jina halina kosa, na wala si suala la kivinjari kuifungua chenyewe: chaguo limebadilishwa kweli.

Unakwenda Default apps, unaandika `.pdf`, unachagua Reader. Bila kufanya kitu kingine unarudi kwenye Properties kuhakikisha. Inasema Reader. Huu ni uthibitisho kwamba Windows inakubali chaguo lako, na kinachotokea kinatokea baadaye.

Sasa unatoka kwenye akaunti kwa Sign out na kuingia tena. Unatazama Properties kabla ya kufungua programu yoyote. Imerudi Edge. Mkosaji ni kitu kinachojiwasha wakati wa kuingia.

Bofya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha nenda sehemu ya Startup apps, ambayo kwenye Windows 10 inaitwa Startup. Humo kuna orodha ya programu zinazojiwasha. Tafuta kwanza zile zinazohusika na PDF: kichapishi cha PDF, kigeuzi cha hati, kisomaji cha zamani ulichokiacha. Baada ya hapo tazama programu za kusafisha na kuharakisha kompyuta. Hizo hupenda kugusa rejista, na sioni faida inayolingana na usumbufu wake.

Zima moja kwa Disable. Chagua Reader upya, toka kwenye akaunti, ingia, tazama Properties. Kama bado ni Edge, zima inayofuata na urudie. Usizime zote kwa mpigo. Tatizo litaisha, ndiyo, lakini hutajua ilikuwa ipi, na siku utakapoziwasha tena litarudi.

Tuseme baada ya kuzima kichapishi cha zamani cha PDF, chaguo linakaa. Kazi haijaisha, maana ukikifungua kwa mkono kinaweza kufanya vilevile. Kifungue, ingia kwenye mipangilio yake, na utafute mstari unaosema kitajichunguza kama ni programu chaguo-msingi kila kinapowaka. Ondoa alama hapo. Kama mstari huo haupo na programu huitumii, iondoe kabisa kwenye kompyuta. Kisha chagua Reader kwa mara ya mwisho.

Kompyuta ni ya ofisini na nimezima kila kitu, bado inabadilika nikiingia.

Huenda ofisi imeamua hivyo. Msimamizi wa mtandao anaweza kuweka faili moja ya mipangilio inayotaja programu ya kila kiendelezi, na Windows huitekeleza upya kila unapoingia kwenye akaunti. Mchana utabadilisha na itakubali, kesho asubuhi itarudi. Hakuna utakachofanya upande wako kikadumu. Mwambie msimamizi unahitaji programu gani kwa kiendelezi gani. Akibadilisha upande wake, kwako kutabadilika.

Programu ninayoitaka haimo kwenye orodha.

Programu huingia kwenye orodha inapojiandikisha wakati wa kusakinishwa. Zile zisizosakinishwa, unazozifungua moja kwa moja kutoka kwenye folda, hazijiandikishi. Kwenye dirisha la Choose another app, teremka hadi Choose an app on your PC, au kwenye Windows 10 bofya More apps kisha Look for another app on this PC, na uonyeshe faili ya programu yenye kiendelezi cha `.exe`. Ukishafanya hivyo usiihamishe folda hiyo. Ukiihamisha, Windows itaitafuta mahali ilipokuwa, itaikosa, na itaanza tena kukuuliza ifungue na nini.

Kiendelezi ni .pdf, programu ni sahihi, lakini inasema faili imeharibika au si ya aina inayotambulika.

Hapa kiendelezi kinaweza kuwa kinadanganya. Mtu akibadilisha jina la picha kutoka `.jpg` kuwa `.pdf`, yaliyomo yanabaki kuwa picha. Kubadilisha jina si kugeuza faili. Hutokea pia unapopakua hati kwenye tovuti inayotaka uingie kwanza na akaunti. Badala ya hati, unapewa ukurasa wa kuingilia uliohifadhiwa kwa jina la hati.

Unaweza kuhakikisha kwa Notepad. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua Open with, kisha Choose another app, chagua Notepad na Just once. Kwenye Windows 10 hakikisha kisanduku cha Always hakina alama. Utaona maandishi yasiyosomeka, usijali. Tazama mwanzo kabisa. PDF ya kweli huanza na `%PDF`. Ukikuta `PK`, ni faili iliyobanwa, na hati za `.docx`, `.xlsx` na `.pptx` zote huanza hivyo. Ukikuta `<!DOCTYPE html` au `<html`, ni ukurasa wa wavuti, kwa hiyo rudi kwenye tovuti, ingia, upakue upya. Funga Notepad bila kuhifadhi. Ukihifadhi humo, unaweza kuiharibu faili kweli.

Faili inaitwa ripoti.pdf lakini Properties inasema Application. Ni nini hiyo?

Usiifungue. Windows huficha viendelezi inavyovijua, kwa hiyo faili iitwayo `ripoti.pdf.exe` inaonekana kama `ripoti.pdf`. Kinachohesabika ni nukta ya mwisho, na `.exe` ni programu inayoendeshwa. Picha ya PDF inayoonekana juu yake haithibitishi chochote, kwa sababu programu hubeba ikoni yoyote aliyopenda mtengenezaji wake. Huu ni mtego wa kawaida wa virusi vinavyotumwa kwa barua pepe.

Onyesha viendelezi vyote na uviache hivyo. Kwenye Windows 11, ndani ya folda bofya View, kisha Show, kisha File name extensions. Kwenye Windows 10 bofya View na utie alama kwenye File name extensions. Kwangu hili ndilo badiliko la kwanza kwenye kompyuta yoyote mpya.

Kuna mwongozo unaosema niandike amri ya assoc. Nifanye?

Kwa tatizo hili haitakusaidia. Amri ya `assoc .pdf` inaonyesha usajili wa jumla wa kompyuta. Chaguo lako la kibinafsi limehifadhiwa pengine, na ndilo linaloshinda unapobofya mara mbili. Utabadilisha usajili huo, utaambiwa imefanikiwa, na PDF itaendelea kufunguka Edge.

Ikoni zote za kwenye desktop zinafungua Notepad! Nimefanya nini?

Umechagua programu ya kufungulia njia za mkato. Ikoni nyingi za kwenye skrini ni faili ndogo zenye kiendelezi cha `.lnk`, ambazo kazi yake ni kuelekeza tu, na hazipaswi kuwa na programu chaguo-msingi. Kuchagua programu nyingine hakutasaidia, maana zote zitahamia huko. Chaguo lenyewe lazima lifutwe.

Bofya kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, andika `cmd`, bofya Enter. Kwenye dirisha jeusi andika amri hii kama ilivyo:

```
reg delete "HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\FileExts\.lnk\UserChoice" /f
```

Ikikubali, toka kwenye akaunti na uingie tena, ikoni zitarudi katika hali yake. Amri hii itumie kwa `.lnk` pekee. Kwa `.pdf` na viendelezi vingine vya kawaida, pita kwenye Default apps, ambako Windows yenyewe inaandika chaguo lako pamoja na alama yake ya uthibitisho.